Picha ya Mchoro Haitoshi, na Matriksi Yako Haitakuokoa

Leo nitawaudhi watu wa aina mbili, na wote ni wenzangu. Wa kwanza ni wanafunzi wa uhandisi wanaopiga picha swali la boriti au kenchi kwa simu, wanairusha bila neno la maelezo, kisha wanaandika chini yake "nisaidieni majibu". Wa pili ni sisi tunaoandika programu. Sisi tukiona picha hiyo tunacheka na kusema, "Hiyo ni matriksi ya tatu kwa tatu tu, nipe dakika mbili." Dakika mbili kweli zinatosha. Kinachoniudhi ni kwamba katika dakika hizo mbili hakuna mtu aliyeutazama mchoro.

Wasomaji ambao hawakusoma uhandisi msikimbie, jambo lenyewe ni jepesi. Boriti iliyotulia haisogei kando, haisogei juu wala chini, na haizunguki. Hizo sentensi tatu ndizo milinganyo mitatu. Jumla ya kani za mlalo ni sifuri, jumla ya kani za wima ni sifuri, na jumla ya momenti kuzunguka nukta yoyote utakayoichagua ni sifuri. Momenti ni kani mara umbali, kama mnavyojua mliocheza bembea ya ubao: mtoto mwepesi akikaa mbali anamwinua mzito aliyekaa karibu. Tunachotafuta ni kani ambazo mategemeo yanairudishia boriti ili itulie.

Tuanze na boriti, kwa sababu hapo ndipo picha inapoanza kudanganya kwa upole.

Boriti iko mlalo. Upande wa kushoto, A, imeshikwa kwa pini. Mita 6 kutoka A kuna rola, B. Boriti inaendelea kuning'inia mita 2 nyingine hadi C, na pale C kuna mzigo wa 12 kN unaoshuka. Juu ya boriti kuna mishale midogo iliyopangwa kama meno ya kitana, imeandikwa 3 kN/m, yaani mzigo uliosambazwa. Mizigo yote ni ya wima, kwa hiyo pini haina cha kuzuia kwa upande wa mlalo. Mishale hiyo ikiishia B, inafanya kazi ya mzigo mmoja wa 3 × 6 = 18 kN uliokaa katikati, mita 3 kutoka A. Hesabu ni hii:

```
Momenti kuzunguka A:  By·6 - 18·3 - 12·8 = 0   =>  By = 150/6 = 25 kN
Kani za wima:         Ay + 25 - 18 - 12 = 0    =>  Ay = 5 kN
```

Safi kabisa. Sasa fikiria kivuli cha mkono wa mpiga picha kimelala juu ya kipande cha mwisho, kutoka B hadi C. Je, yale meno ya kitana yanaishia B au yanafika C? Yakifika C, mzigo uliosambazwa ni 24 kN na kitovu chake kiko mita 4 kutoka A. Momenti zinakuwa 96 na 96, By inapanda hadi 32 kN, na Ay inashuka hadi 4 kN. Ukijumlisha, 32 na 4 ni 36, sawasawa na mzigo wote wa 24 na 12. Kwa hiyo mtu wa kwanza akihakiki jibu lake anapata sifuri, na mtu wa pili akihakiki lake anapata sifuri vilevile. Watabishana hadi usiku wa manane, kila mmoja akimwambia mwenzake arudie hesabu, na hakuna aliyekosea hesabu.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Tumefundishwa kwamba ukimaliza uhakiki kwa kujumlisha upate sifuri, na ni ushauri mzuri kwa makosa ya kalamu. Lakini sifuri inathibitisha tu kwamba milinganyo yako inakubaliana na mchoro uliouchora wewe kichwani. Haijui lolote kuhusu mchoro uliokuwa kwenye karatasi.

Kabla sijaiacha boriti, neno moja kuhusu alama ya kutoa. Badilisha ule mzigo wa C uwe 30 kN badala ya 12, mishale ikiishia B kama mwanzo. By inakuwa 294/6 = 49 kN, na mizigo yote ni 48 kN, kwa hiyo Ay ni -1 kN. Nimeona watu wakiifuta ile alama ya kutoa wakidhani wamekosea. Msiifute! Inasema kwamba pale A boriti inataka kuinuka, na pini inalazimika kuivuta chini. Kama mchoro ungeonyesha boriti imelazwa tu juu ya ukuta pale A bila kufungwa, jibu la kweli lisingekuwa tarakimu, lingekuwa "inabinuka". Alama ile ndogo inakulazimisha urudi kwenye mchoro uulize tegemeo lile linaweza kuvuta au linaweza kusukuma tu. Programu yako haiulizi.

Sasa kenchi, na hapa upole unaisha.

Kenchi rahisi kuliko zote ni pembetatu, na mnaijua kwa sababu imebeba mabati juu ya vichwa vyenu. Chini kuna mti wa mlalo, AB, ambao mafundi wa zamani waliuita mtambaapanya, jina ambalo nalipenda kuliko lolote nililofundishwa chuoni. Miti miwili ya kuinama, AC na BC, inakutana kileleni C. Upana kutoka A hadi B ni mita 8, na kimo cha C ni mita 3 juu ya katikati. Kwa hiyo kila mti wa kuinama una urefu wa mita 5, ile pembetatu ya 3-4-5 ya darasa la nane. Kileleni kuna mzigo wa 24 kN unaoshuka na upepo wa 8 kN unaosukuma kuelekea kulia. Kushoto A ni pini, kulia B ni rola.

Pini inazuia kusogea kokote, kwa hiyo inatoa kani mbili zisizojulikana, Ax na Ay. Rola inateleza, haiwezi kuzuia mlalo, kwa hiyo inatoa moja tu, By. Visivyojulikana vitatu, milinganyo mitatu:

```
Mlalo:             Ax + 8 = 0              =>  Ax = -8 kN
Momenti, kwa A:    By·8 - 24·4 - 8·3 = 0   =>  By = 15 kN
Wima:              Ay + 15 - 24 = 0        =>  Ay = 9 kN
```

Kisha unaingia kwenye kiungo kimoja kimoja. Kenchi inachukuliwa kuwa kila mti unavutwa au unabanwa kwa urefu wake tu, haupindwi, na mizigo yote imewekwa kwenye viungo. Tunaandika mvuto kuwa chanya. Pale B, rola inasukuma juu 15 kN na mti BC unapanda 3 kwa kila 5, kwa hiyo:

```
Kiungo B, wima:    15 + BC·(3/5) = 0         =>  BC = -25 kN  (unabanwa)
Kiungo B, mlalo:   -AB - BC·(4/5) = 0        =>  AB = +20 kN  (unavutwa)
Kiungo A, wima:    9 + AC·(3/5) = 0          =>  AC = -15 kN  (unabanwa)
Kiungo A, mlalo:   -8 + 20 - 15·(4/5) = 0    (uhakiki)
```

Mtambaapanya unavutwa kwa 20 kN. Kwa wasiozoea kipimo hicho, ni sawa na uzito wa tani mbili hivi ukining'inia kwenye mti mmoja.

Karatasi ikipigwa picha ikiwa bapa, vipimo vikasomeka, hatuna ugomvi. Lakini picha nyingi zimepigwa kwa pembeni, mtu amekaa kitini na karatasi iko kando yake. Picha ya namna hiyo inaubana upana na kukiacha kimo, na miti inayoinama kwa nyuzi karibu 37 inaonekana kama inainama kwa nyuzi 45. Kama tarakimu ya kimo imekatwa na ukingo wa picha, yuko atakayepima pembe kwenye skrini. Nyuzi 45 kwa upana wa mita 8 zinampa kimo cha mita 4, By ya 16 kN, na mvuto wa AB wa 16 kN. Amepunguza kani ya mtambaapanya kwa humusi moja, na amepunguza kwenye upande wa hatari. Sheria ni moja: kwenye mchoro wa namna hii umbo ni ishara, tarakimu ndizo kweli. Kama tarakimu haionekani, hujapewa swali.

Haya yote bado ni madogo. Kosa kubwa liko chini ya B, kwenye kale kaduara.

Vitabu vingi huchora pini kama pembetatu ndogo chini ya kiungo, na rola kama pembetatu hiyo hiyo iliyokalia viduara viwili, au kiduara kimoja peke yake. Kwenye karatasi iliyotolewa fotokopi mara nne kisha ikapigwa picha kwa simu chini ya taa moja, viduara hivyo vinakuwa doa la wino. Wengine wataona rola, wengine wataona pini, na kila mmoja ana macho yake mazima.

Tuseme B ni pini pia. Sasa visivyojulikana ni vinne: Ax, Ay, Bx, By. Milinganyo ni ileile mitatu. Ukichukua momenti kuzunguka A, Bx inapita kwenye A yenyewe na haichangii kitu, kwa hiyo By inabaki 15 na Ay inabaki 9. Wanaotafuta kani za wima peke yake hawataona tofauti yoyote! Kwenye mlalo unabaki na mlinganyo mmoja, Ax + Bx = -8, na hapo msawazo umefika mwisho wa maneno yake.

Ndipo sisi wa kompyuta tunapoharibu. Tukimpa `np.linalg.solve` milinganyo mitatu yenye visivyojulikana vinne atagoma, kwa sababu anataka matriksi ya mraba, na kugoma kwake ni heshima. Lakini mwandishi wa programu akigomewa hutafuta mlango wa nyuma:

```python
import numpy as np
#              Ax Ay Bx By
M = np.array([[1, 0, 1, 0],
              [0, 1, 0, 1],
              [0, 0, 0, 8]])
p = np.array([-8, 24, 120])
print(np.linalg.lstsq(M, p, rcond=None)[0])
```

Inachapisha -4, 9, -4, 15, ukiacha vumbi la desimali. Inapendeza, siyo? Kila tegemeo limebeba nusu ya upepo, kama ndugu wawili waliogawana shamba. Ukihakiki, kila jumla ni sifuri. Na jibu si la kweli. `lstsq`, ikikosa mlinganyo wa kutosha, inachagua jibu ambalo jumla ya miraba yake ni ndogo kuliko yote. Huo ni uamuzi wa kihesabu, na mbao na mawe hayakuulizwa.

Ukweli unatoka mahali ambapo milinganyo ya msawazo haifiki, yaani kwenye kurefuka kwa miti. Kama A na B zote ni pini zisizosogea hata kidogo, umbali wa kati yake haubadiliki. Mti AB basi haurefuki wala haufupiki. Mti usiorefuka wala kufupika kwa mzigo hauna kani ndani yake. AB = 0! Rudi kwenye viungo sasa. Pale B, mti BC bado unabanwa 25 kN, na sehemu yake ya mlalo, 20 kN, haina mtambaapanya wa kuishika, kwa hiyo inashikwa na tegemeo: Bx = -20 kN. Pale A, sehemu ya mlalo ya AC ni 12 kN, kwa hiyo Ax = +12 kN. Jumlisha 12 na -20, unapata -8, kama ilivyotakiwa.

Tazama vizuri kilichotokea. Mzigo ni uleule, upepo uleule, kani za wima zilezile 9 na 15. Doa moja la wino limebadilika, na mti wa chini umetoka 20 kN hadi sifuri, na tegemeo la kulia limetoka kutobeba mlalo wowote hadi kubeba 20 kN. `lstsq` alisema 4.

Na kani hiyo haibaki kwenye karatasi. Chini ya B kwenye nyumba halisi kuna ukuta. Pini maana yake unaudai ukuta wa mawe ushikilie msukumo wa tani mbili kwenda nje, pale juu kabisa ambapo ukuta ni dhaifu zaidi kwa kusukumwa kando. Rola maana yake kazi hiyo inafanywa na mtambaapanya, na ukuta unabeba uzito tu. Ukuta wa kweli hauko kwenye ncha yoyote kati ya hizo mbili: unasogea kidogo, kwa hiyo mtambaapanya unavutwa kwa kiasi fulani kati ya sifuri na 20, na ukuta unabeba kinachobaki. Ndiyo maana mtu anayeukata mtambaapanya ili apate nafasi ya dari ya kupendeza hupata, baada ya muda, ufa unaoanzia juu ya ukuta na kilele kilichoshuka. Amekigeuza kile kiduara kuwa pembetatu kwa msumeno.

Nikitoa mfano wa nje, wa watu waliosoma na waliokuwa na michoro halisi, si picha ya simu: hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani. Ndani ya ukumbi wake kulikuwa na madaraja ya kutembelea yaliyoning'inizwa kwa fito za chuma, la ghorofa ya pili likiwa chini ya la ghorofa ya nne. Mchoro wa kwanza ulikuwa na ufito mmoja mrefu kutoka darini, uliopita daraja la juu hadi la chini. Ukabadilishwa kuwa fito mbili: moja kutoka darini hadi daraja la juu, nyingine kutoka daraja la juu hadi la chini. Kwa macho ya kupita ni mchoro uleule. Lakini tenga kile kiungo cha daraja la juu na uandike mlinganyo wa wima. Kwenye ufito mmoja, nati ya pale inabeba daraja la juu peke yake, tuseme P, kwa sababu la chini limeushika ufito wenyewe. Kwenye fito mbili daraja la chini linalining'inia la juu, na nati ileile inabeba P + P = 2P. Dari haikuona tofauti, jumla ilibaki 2P. Tarehe 17 Julai 1981 kiungo hicho kiliachia, na watu 114 wakafa. Hata mchoro wa kwanza ulikutwa baadaye kuwa dhaifu kuliko sheria za ujenzi zilivyotaka. Mabadiliko yalikula kilichokuwa kimebaki.

Najua nitakachoambiwa: "Kaka, mtihani ni kesho, mwanafunzi anataka jibu tu." Sawa. Basi akitaka jibu aandike mistari mitatu chini ya picha. Kwanza, kila tegemeo ni la aina gani, kwa maneno, na linatoa kani zipi kwa majina. Pili, vipimo vyote kama vilivyoandikwa, na kipi hakisomeki. Tatu, kila mzigo unaanzia wapi na unaishia wapi. Mistari hiyo ikikamilika, mtu yeyote aliyemaliza kidato cha nne anaweza kumalizia hesabu, na mara nyingi mwenye swali hataitaji msaada tena, kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Na sisi wa programu, kabla ya kuita `solve`, tuhesabu. Kwa kenchi, hesabu miti, ongeza kani za mategemeo, linganisha na mara mbili ya idadi ya viungo. Yetu ina miti 3 na, kwa pini na rola, kani 3: jumla 6, viungo 3 mara mbili ni 6, inalingana. Kwa pini mbili ni 7 dhidi ya 6, na hapo programu inapaswa kusimama na kuuliza miti ni ya nini na ina unene gani. Kulingana tu hakutoshi, maana rola mbili na mti mmoja wa ziada pia zinafika 6 na kenchi nzima itateleza na upepo, lakini kutolingana kunakuonya mapema. Ni mstari mmoja wa msimbo. Sioni sababu ya kuuacha na kukimbilia `lstsq`.

Sehemu ya maoni iko wazi kama kawaida. Anayetaka kunipinga kuhusu AB = 0 aje na kiungo B kilichotengwa, mishale yote mitatu au minne ikiwa na majina. Picha peke yake nitaifuta.